Jinsi ya Kutunga na Kuimba Wimbo wa Kumlaza Mtoto Mchanga: Usiku, Mwezi na Kupumzika

Nguvu ya wimbo wa kumbembeleza mtoto mchanga iko kwenye kiitikio. Ikifika saa nane ya usiku, nawe hujapata usingizi wa maana tangu juzi, beti zitakupotea kichwani. Kiitikio ndicho kitakachobaki mdomoni, na utakirudia mpaka watu wote wa nyumbani wakijue. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye kiitikio: namna ya kukitunga kwa Kiswahili, kukipa sauti ambayo hata asiye mwimbaji ataimudu, kisha kukiimba hadi mtoto alale. Nitatunga wimbo mmoja hapa hapa, mstari kwa mstari, ili uone kila uamuzi umetoka wapi. Uuchukue kama ulivyo au uubadilishe upendavyo.

Kichanga anasikia nini

Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, miezi mitatu hivi kabla ya kuzaliwa. Huko sauti humfikia ikiwa imechujwa na mwili wa mama: ncha kali za konsonanti hufifia, lakini mapigo ya maneno na kupanda na kushuka kwa sauti hupita. Ndiyo maana anapozaliwa huwa tayari anaitambua sauti ya mama yake, ilhali neno "mwezi" halimwambii lolote.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya utafiti uliowasikilizisha watoto nyimbo za kubembeleza za lugha wasizozijua, zilizoimbwa na watu wasiowajua. Mapigo ya moyo ya watoto hao yalipungua zaidi waliposikia nyimbo hizo kuliko waliposikia nyimbo za aina nyingine. Watoto wenyewe walikuwa wakubwa kidogo, wa karibu miezi saba, lakini jambo lililoonekana linafaa kukumbukwa: kinachotuliza ni sauti na mwendo wake. Maneno ni ya kwako wewe unayeimba. Yana kazi, tena kubwa, kwa sababu maneno ya polepole hukulazimisha wewe upunguze pumzi na mabega yako yashuke, na mtoto uliyempakata hulisikia hilo mwilini.

Jambo jingine la kujua kabla hujaanza: kichanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini vipande vipande, na mwili wake hautofautishi usiku na mchana mpaka afike karibu miezi miwili au mitatu. Wimbo unaosema "ni usiku" hautambadilishia hilo. Utakachofanya ni kuuzoesha mwili wake kwamba sauti hii huja wakati wa kulala tu. Kwa hiyo usiuimbe unapomwogesha wala unapocheza naye. Uutunze kwa ajili ya kumlaza.

Kutunga kiitikio

Wengi hukaa na kalamu wakaanza na mstari kama huu:

*Usiku umeingia*

Hesabu mizani: u-si-ku-u-me-i-ngi-a. Ni nane, kama kipande cha shairi la kawaida. Sasa simama, mpakate mtoto au hata mto, yumba kushoto na kulia, na uimbe mstari huo kwa silabi mbili kila unapoyumba. Utajikuta unasema "Ú-si, kú-u", mkazo umekwenda kwenye silabi isiyo yake. Hesabu ni sahihi lakini mstari unakwaruza. Mwimbaji aliyechoka hugundua tu kwamba wimbo "haukai", bila kujua kwa nini.

Sababu ni kwamba Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kuyumba nako kuna mkazo wake: pigo zito unapoanza kwenda upande mmoja, jepesi unapomalizia. Silabi zikipangwa mbili mbili, zito kisha nyepesi, maneno ya silabi mbili hukaa yenyewe: LA-la, MWE-zi, NYO-ta, GI-za, MA-cho. Ya silabi nne nayo hukaa, kwa sababu mkazo wake huangukia silabi ya tatu, ambayo pia ni pigo zito: mba-la-MWE-zi, u-si-NGI-zi, po-le-PO-le, ta-ra-TI-bu. Yanayosumbua ni ya silabi tatu, na kwa bahati mbaya u-SI-ku ni mojawapo, pamoja na m-TO-to, u-PE-po na mwa-NA-ngu.

Dawa yake ni ndogo. Litangulize neno la silabi tatu kwa neno la silabi moja, kama ni, na, wa au ya, na mkazo utarudi mahali pake: ni-u-SI-ku, na-u-PE-po. Au badilisha neno, kama nitakavyofanya kwa "mtoto", ambalo naliacha na kuchukua "mwana". Ukishika kanuni hii moja, mistari yako mingi itaimbika bila wewe kujua lolote kuhusu muziki.

Sasa tunahitaji vitu vitatu ndani ya kiitikio, yaani usiku, mwezi na kupumzika. Kila kimoja nitakipa silabi nne:

ni-u-SI-ku
MWE-zi-JU-u
pu-m-ZI-ka

Angalia mbili za chini. "Juu" ni silabi mbili na lazima ziimbwe zote mbili. Ukiifupisha kuwa moja, mstari unavunjika. Na katika "pumzika" herufi m ni silabi kamili inayojitegemea. Hapo midomo hufungwa na sauti huvuma puani kwa kitambo, na mvumo huo ukiimbwa ukiwa umemweka mtoto kifuani, mtetemo wake humfikia. Kama ningetakiwa kuchagua neno moja la kuimbia usiku kucha, lingekuwa hilo.

Baada ya kila kimoja panakuja jibu lile lile, lisilobadilika kamwe:

*Ni usiku, lala mwana,*
*mwezi juu, lala mwana,*
*pumzika, lala mwana.*

Hiki ndicho kiitikio kizima. Nusu ya kwanza ya kila mstari inabadilika kidogo na nusu ya pili inarudi palepale, kwa hiyo hata ukisinzia ukasahau kama umefika kwenye mwezi au kwenye usiku, jibu litakurudisha njiani. Mtu wa pili akiwa chumbani anaweza kuitikia "lala mwana" huku wewe unavuta pumzi.

Sikia pia herufi zilizotumika. L, m, n na w hutoka laini. Herufi kama ch, t na k huanza kwa mshindo mdogo, na kwa sauti ya chini mshindo huo ndio husikika zaidi. Huwezi kuziepuka zote, na "usiku" inayo k yake, ila zisirundikane kwenye mstari mmoja. "Kichanga kitoto changu" ni mstari mtamu kuusoma na mbaya kuulalia.

Ukitaka kuweka jina la mtoto, lipime kwanza. Jina la silabi mbili huingia moja kwa moja mahali pa "mwana": lala Juma, lala Zuhra. La silabi nne hujaza jibu zima peke yake, kama Mwanajuma. La silabi tatu, kama Rehema, litangulize kwa "ee" ndefu inayohesabiwa kama silabi moja: EE-re-HE-ma. Ukisema "lala Rehema" unapata silabi tano na mwendo unapiga kwikwi.

Beti, chache iwezekanavyo

Beti tatu zinatosha. Kazi yake ni kumpa mwimbaji mahali pa kupita kabla ya kurudi kwenye kiitikio, na kushusha mambo kidogo kidogo. Nimepanga kila ubeti uwe na kitu kinachotembea kisha kinapungua, tukitoka kwenye mwezi, tukaenda kwenye nyota, tukamalizia kwenye upepo:

*Mbalamwezi yaingia,*
*kitandani yatulia,*
*lala mwana, lala mwana.*

*Nyota nazo zasinzia,*
*taratibu zafifia,*
*lala mwana, lala mwana.*

*Na upepo wapungua,*
*majanini wapumua,*
*lala mwana, lala mwana.*

Vina vyote vinaishia na irabu a iliyo wazi, ambayo haihitaji nguvu kuishikilia. Vitenzi vimewekwa katika umbo fupi, yaingia, zasinzia, kwa sababu "inaingia" ingeongeza silabi na kuharibu hesabu. Ukitunga beti zako, jiepushe na kitu chochote kinachomtisha anayesikiliza, kama fisi, giza linalomeza, au mama aliyekwenda mbali. Mtoto mchanga haelewi, ni kweli, lakini wewe unaelewa, na ndugu yake wa miaka minne aliyelala pembeni anaelewa vizuri sana.

Kuupa wimbo sauti

Noti tano zinatosha: do, re, mi, so, la. Fa na ti nimeziacha. Noti hizi tano hata ukiteleza kutoka moja hadi nyingine hazigombani, na hilo ni muhimu kwa mtu anayeimba akiwa na usingizi.

Kiitikio kinakwenda hivi, noti moja kwa kila silabi:

Ni (mi) u (mi) si (so) ku (mi), la (mi) la (mi) mwa (re) na (do)

mwe (so) zi (so) ju (la) u (so), la (mi) la (mi) mwa (re) na (do)

pu (re) m (re) zi (mi) ka (re), la (mi) la (mi) mwa (re) na (do)

Mstari wa kwanza unapanda kidogo, wa pili ndio unaofika juu kabisa, kwenye neno "juu" lenyewe, na wa tatu unabaki chini. Jibu linashuka mi, re, do kila mara. Kushuka huko mwishoni ndiko kunakofanya wimbo usikike kama wa kulala. Ukiumalizia kwa kupanda, utasikika kama unauliza swali. Beti ziimbie sauti ya mstari wa kwanza kwa mistari yake yote mitatu, usijitungie kazi nyingine.

Wapi uanzie do? Tafuta noti ya chini kabisa unayoweza kuishikilia bila sauti kukwaruza, kisha panda kidogo. Ukifika kwenye la ukaona shingo inakaza au sauti inaongezeka ukubwa, ulianzia juu mno. Wanaume wengi huona aibu kuimba chini, lakini sauti nzito iliyo karibu na kifua ni nzuri mno kwa kazi hii.

Sasa mwendo. Kila jozi ya silabi ina hesabu tatu: silabi ya kwanza inachukua mbili, ya pili inachukua moja. Niii-u, siii-ku, laaa-la, mwaaa-na. Kila jozi ni kuyumba mara moja upande mmoja. Ukiipa jozi sekunde moja na nusu, mstari unachukua sekunde sita, ambazo mtu wa kawaida huzimudu kwa pumzi moja. Kiitikio kizima pamoja na pumzi katikati kitakuwa sekunde 20 au zaidi kidogo. Kipime kwa saa mara moja tu, mchana, bila mtoto. Karibu kila mtu anayepima hukuta ameimba haraka kuliko alivyodhani, na wasiwasi huongeza kasi zaidi. Usipoweza kumaliza mstari kwa pumzi moja, usiharakishe. Vuta pumzi katikati, kabla ya "lala mwana", palipo na mkato.

Kuimba mtoto akiwa mikononi

Anza mapema. Dalili za usingizi kwa kichanga ni ndogo: macho yanaacha kukutazama na kukodolea mahali patupu, nyusi zinakuwa nyekundu kidogo kwa wenye ngozi nyeupe, anapiga miayo, mikono inapoteza shabaha. Kilio ni dalili iliyochelewa. Hakikisha kwanza ameshiba, amecheua na nepi ni kavu, kwa maana hakuna wimbo unaoshinda njaa.

Punguza taa, mpakate kichwa chake kikiwa kwenye kiwiko chako. Uso wako utakuwa kati ya sentimita 20 na 30 kutoka kwake, na huo ndio umbali ambao macho ya kichanga huona vizuri. Imba kwa sauti isiyozidi ya mazungumzo ya kawaida.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Kiitikio mara mbili, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, ubeti wa tatu. Kuanzia hapo beti zinakwisha, kinabaki kiitikio tu, na kila ukikirudia unapunguza kitu kimoja. Kwanza punguza ukubwa wa sauti. Kisha punguza upana wa kuyumba, mpaka iwe ni kuhamisha uzito tu kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kisha acha nusu ya kwanza ya mistari, ubakize "lala mwana" na ukimya mahali pa maneno yaliyotoka. Mwisho funga mdomo uvumishe sauti ile ile puani. Ukinyamaza ghafla katikati ya wimbo, mtoto husikia tofauti na mara nyingi hufumbua macho. Ukipungua hatua kwa hatua, hakuna mahali pa kushtukia.

Macho yakishafumba, usikimbilie kitanda. Kichanga huanza na usingizi mwepesi, wenye macho yanayocheza chini ya kope, kutabasamu, kukunja uso na hata kulia kidogo, na hali hiyo inaweza kuchukua dakika 20. Hapo akiwekwa chini huamka. Endelea kuvumisha. Inua mkono wake kidogo kisha uuachie: ukianguka mlegevu na pumzi ikawa imetulia, amezama. Mlaze chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mto wala blanketi lililolegea kitandani. Weka kiganja kifuani pake, uvumishe "lala mwana" mbili au tatu, ndipo uondoe mkono.

Na wewe unayeimba ujiangalie, maana wimbo huu humlaza mwimbaji pia. Ukihisi kope zinakuwa nzito ukiwa kwenye kochi au kiti cha kuegemea, inuka au mpe mtu mwingine mtoto. Kusinzia na kichanga kifuani kwenye kochi ni hatari kubwa, anaweza kuteleza akabanwa asipumue.

Wimbo usipofanya kazi

Mtoto anayelia kwa nguvu hasikii sauti ya chini. Ukimwanzia kwa mvumo wa puani, unapoteza pumzi. Mpandie kidogo: imba kiitikio kwa sauti kubwa kiasi na mwendo wa haraka zaidi, ukiyumba kwa upana, mpaka anyamaze walau kuvuta pumzi. Hapo ndipo uanze kushusha, kila kiitikio polepole kuliko kilichotangulia, hadi ufike kwenye zile sekunde sita za mstari. Jambo hili huhitaji dakika kadhaa, na kosa la kawaida ni kushuka haraka baada ya ukimya wa kwanza.

Kuna mtoto mwingine ambaye halali, halii sana, lakini anageuza kichwa pembeni, anatanua vidole, anapata kwikwi au anakunja mgongo nyuma. Huyo amezidiwa. Anapokea uso, sauti, mwanga na kuyumba vyote kwa pamoja, na vimemshinda. Toa kimoja kimoja: acha kumtazama machoni, acha kuyumba, kisha acha maneno ubaki na mvumo. Akiendelea, nyamaza kabisa umshike tu. Wimbo utarudi baadaye.

Ikiwa analia mfululizo na hatulii kwa lolote, anakataa kunyonya, au ana joto la nyuzi 38 au zaidi akiwa chini ya miezi mitatu, acha wimbo umpeleke hospitali, hata kama ni usiku. Na ikiwa mtoto ni mzima lakini wewe umefika mwisho wa uvumilivu, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba dakika chache, kisha urudi. Mtoto mchanga hatikiswi kamwe.

Mwisho ni suala la walezi wengine. Baba, bibi na shangazi wakiuimba kila mmoja kwa mwendo wake, mtoto hatapata alama moja ya kuizoea. Rekodi kiitikio kwenye simu mara moja, kwa noti na mwendo uliouzoea, uwatumie wajifunze. Rekodi hiyo ni ya watu wazima kujifunzia. Usimwachie simu ikiimba kitandani, kwa kuwa haitasikia pumzi yake ikibadilika ikapunguza sauti. Noti ya kuanzia si lazima ifanane kwa kila mlezi. Maneno ya kiitikio, kushuka kwa "lala mwana" na sekunde sita za mstari ndivyo vinavyopaswa kufanana. Na mtoto akiamka usiku wa manane kunyonya, usirudie wimbo wote toka mwanzo. Anzia pale ulipoishia mara ya mwisho, kwenye mvumo wa mdomo uliofungwa, na uongeze maneno iwapo tu mvumo haumtoshi.